Mchele kilo 10, pedi hakuna!

Je, msomaji, umewahi kusimama katikati ya duka kubwa, mkono mmoja ukisukuma toroli na wa pili umeshika simu, ukiikodolea macho picha ya orodha uliyotumiwa kutoka nyumbani usijue uanzie rafu ipi? Ikiwa hujawahi, basi subiri. Siku yako yaja.

Zamani mama watoto alikuandikia kikaratasi ukakitia mfuko wa shati. Kikaratasi kilikuwa na mwandiko mmoja na akili moja. Siku hizi nyumba nyingi za mjini zina orodha ndani ya programu ya simu, na kila mtu huandika lake kwa wakati wake. Mama anaandika akiwa kwenye matatu, binti anaandika akiwa kitandani, na msaidizi wa nyumbani anaandika punde tu aonapo mkebe wa sukari umebaki mtupu. Jumamosi ikifika, mmoja wao huipiga picha orodha hiyo jinsi ilivyo kwenye skrini na kumtumia yule anayekwenda kununua. Huyo, kwetu, huwa ni mimi.

Nitakusimulia yaliyonipata Jumamosi moja kabla ya shule kufunguliwa, kwa kuwa kosa nililofanya ni jepesi mno kulifanya. Binti yetu alikuwa arudi shule ya bweni Jumatatu asubuhi. Nilikuwa na noti 6 za shilingi elfu moja, wala hapakuwa na ya saba. Nikatumiwa picha 2. Nikazisoma kutoka juu hadi chini, nikitia kwenye toroli kila nilichokiona. Kufika kwa keshia, hesabu ikapita pesa nilizokuwa nazo. Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa ile kikohozi ya kumharakisha mtu. Kwa haya na haraka nikaondoa vitu vilivyokuwa karibu na mkono, miongoni mwavyo paketi 2 za pedi.

Nyumbani mifuko ilipofunguliwa, ilikuwa na mchele kilo 10, trei 2 za mayai, sukari kilo 3, na mafungu mawili ya dania. Pedi hakuna. Rangi ya viatu hakuna. Karatasi za msalani za sandukuni hakuna.

"Baba watoto," mama yao akaniuliza polepole, "huu mchele ni wa harusi ya nani?"

Usiku huo tuliketi mezani, mimi na binti yangu, tukaziweka zile picha mbele yetu na kuchukua kalamu. Yaliyofuata ndiyo ninayotaka uyajue, kwa maana tangu siku hiyo sijaondoka nyumbani bila kufanya hivyo.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kuhesabu mistari. Picha ya kwanza ilikuwa na mistari 12. Ya pili ilikuwa na 14. Hiyo ni 26. Lakini binti yangu akaweka kidole kwenye mistari mitatu ya mwisho ya picha ya kwanza: "Mchele 5kg", "Dania", "Mayai trei 1". Kisha akakipeleka kwenye mistari mitatu ya kwanza ya picha ya pili. Ni ile ile, kwa mpangilio ule ule.

Hapo ndipo mchele wangu ulipozaana. Orodha ikiwa ndefu kuliko skrini, mtu hupiga picha ya sehemu ya juu, husukuma kwa kidole, kisha hupiga ya sehemu ya chini. Ni vigumu kusukuma hadi mahali penyewe hasa, hivyo mistari michache huonekana katika picha zote mbili. Hayo si marudio ya orodha bali ni marudio ya picha, na ni lazima yafutwe kabla ya hesabu yoyote nyingine. Utayatambua vipi? Hukaa mwishoni mwa picha moja na mwanzoni mwa nyingine, hufuatana kwa utaratibu ule ule, na huandikwa sawasawa herufi kwa herufi. Marudio ya kweli, yale ya watu wawili kuandika kitu kimoja, huwa yametawanyika, na aghalabu hayafanani kwa tahajia.

Kama mistari ya picha hizo mbili haigusani kabisa, yaani hakuna hata mmoja unaojirudia, usishangilie. Yamkini kuna mstari uliomezwa katikati. Afadhali picha zinazopandana kuliko zinazoachana.

Tukabaki na mistari 23. Mmoja wa hiyo, wa mwisho kabisa, ulikuwa umekatwa na ukingo wa skrini, ukaonekana vichwa vya herufi tu. Mimi dukani sikuuona hata kidogo. Macho hupita juu ya mstari wa namna hiyo kama kwamba ni pambo. Binti yangu alijua ni nini kwa kuwa aliuandika mwenyewe: rangi ya viatu. Muhula uliotangulia alikuwa ameazima kwa mwenzake hadi akaona haya.

Mstari mwingine, "Mkate", ulikuwa umepigwa mstari katikati, maana yake ulikwisha nunuliwa. Programu nyingine huusukuma mstari kama huo chini kabisa. Yetu huuacha papo hapo. Lakini tazama: juu, katika picha ya kwanza, kulikuwa na "Mkate" mwingine ambao haukukatwa. Mama watoto alikuwa amenunua mkate kwenye kioski asubuhi, akaukata ule aliouandika yeye, asijue kwamba mtoto mdogo alikwisha kuandika wake juu. Haja ilikuwa moja, na ilikwisha kutimizwa. Kwa hiyo mikate yote miwili ikatoka. Sisemi kwamba kila mara iwe hivyo. Huenda siku nyingine mkate mmoja ni wa chai ya leo na wa pili ni wa kesho. Ninachosema ni kwamba ukiona kitu kimekatwa hapa na hakijakatwa pale, uliza kabla ya kuokota.

Hapa pana onyo kwa wanafunzi, ambao najua mnapenda njia za mkato. Simu nyingi za miaka hii zinaweza kunakili maandishi kutoka kwenye picha, ukabonyeza na kushikilia kidogo na maneno yakachukuliwa. Ni msaada mkubwa, maana hulazimiki kuandika upya. Lakini maandishi yakishanakiliwa, ule mstari wa kukatia mara nyingi hupotea, na kitu kilichonunuliwa kinarudi kwenye orodha kikiwa kizima kama kwamba hakijaguswa. Tena, "1kg" yaweza kusomwa kama "lkg". Nakili ukitaka, ila uwe na picha yenyewe kando ya kulinganishia.

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo, yaani kuunganisha vitu vilivyoandikwa mara mbili. Watu wengi hudhani kuunganisha ni kujumlisha. Siyo. Marudio ni ya aina mbili, na kila aina ina dawa yake.

Chukua sukari. Katika picha ya kwanza kulikuwa na "Sukari 2kg". Katika ya pili kulikuwa na "sugar 1kg". Dukani nilijumlisha nikapata 3. Lakini mama watoto na msaidizi wetu waliona mkebe mmoja ule ule ukiwa mtupu, mmoja akaandika kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza, kila mmoja akidhani ni yeye wa kwanza kugundua. Haja ni moja iliyoandikwa mara mbili. Hapo hujumlishi, unachukua kiasi kikubwa kati ya hivyo viwili, na kazi imekwisha. Sukari ni kilo 2.

Sasa chukua karatasi za msalani. Picha ya kwanza ilisema "Tishu 10". Ya pili ilisema "Tishu 4 shule". Dukani, baada ya kuona nimekwisha kutia 10, nikajiambia hii ni kelele tu ya marudio, nikaipuuza. Kumbe hizi ni haja mbili tofauti: 10 za nyumba na 4 za sanduku la binti. Hapo ndipo pa kujumlisha, zikawa 14. Vivyo hivyo na sabuni ya kipande, 1 ya nyumba na 2 za shule, jumla 3.

Unaona nilivyopotoka? Pale pa kuchukua moja nilijumlisha, na pale pa kujumlisha nilichukua moja. Swali la kujiuliza si "kitu hiki kimeandikwa mara ngapi?" bali "ni haja ngapi?" Na ukijumlisha, usifute jina la mwenye kitu. Andika "tishu 14, yaani 10 nyumba na 4 shule". Kuna faida mbili. Kwanza, ukifika rafuni unajua kwamba utafute pakiti ya 10 na pakiti ya 4, badala ya kuhangaika kutafuta pakiti ya 14 ambayo haipo. Pili, ukifika nyumbani kila kitu kinajua kwake, na hakuna atakayechukua sabuni ya sanduku akaoshee vyombo.

Vitunguu navyo vilitupa fumbo dogo. "Vitunguu 1kg" kwenye picha moja, "Onions" kwenye nyingine, bila kiasi. Mstari usio na kiasi hauongezi kitu juu ya ule ulio nacho. Huchukuliwa kuwa ni mwangwi wake, hadi mwenyewe aseme vingine. Kilo 1 ikabaki kilo 1.

Maziwa ndiyo yaliyotutoa jasho. "Maziwa 6" na "Milk 2". Ukijumlisha utapata 8, lakini 8 ya nini? Mama watoto akisema maziwa 6 ana maana ya paketi za nusu lita, ambazo ni lita 3. Aliyeandika 2 alikuwa kaka yake, shangazi wa watoto akiwa mgeni wetu wiki hiyo pamoja naye, na kwao wamezoea kuhesabu maziwa kwa lita. Kwa hiyo 2 zake ni paketi 4 za nusu lita. Je, haja ni ngapi? Mbili: ya chai ya nyumba, na ya wageni. Paketi 6 na paketi 4 ni paketi 10, au lita 5. Kumbuka basi kwamba huwezi kuunganisha namba kabla ya kuvigeuza vipimo vyote viwe kipimo kimoja.

Kisha kuna vile vitu vinavyofanana jina lakini si ndugu. "Nyanya" na "Nyanya ya kopo" si marudio; moja iko kwenye mboga na nyingine kwenye rafu ya vyakula vya mkebe. "Mafuta" na "Mafuta ya kujipaka" si marudio. "Unga 2" na "Unga wa ngano 2kg" si marudio, maana neno "unga" likisimama peke yake kwetu ni la ugali. Kwako huenda likawa la chapati. Kila nyumba ina lugha yake. Kanuni tuliyoweka ni kwamba ukisitasita, usiunganishe. Vitu viwili vilivyoachwa mbalimbali kwa makosa, utavigundua dukani ukiwa na kimoja mkononi. Viwili vilivyounganishwa kwa makosa hutavigundua hadi ufike nyumbani.

Hesabu yetu ikawa hivi: kutoka mistari 23 tukatoa mikate miwili, ikabaki 21. Sukari, vitunguu, maziwa, sabuni na tishu, kila kimoja kikatoka mistari miwili kuwa mmoja, tukabaki na vitu 16. Kutoka mistari 26 ya picha zote mbili hadi vitu 16! Si ajabu toroli ilifurika.

Kabla ya kupanga, andika maswali yako yote katika ujumbe mmoja. Usipige simu mara tano ukiwa rafuni, mara ya tatu hutajibiwa vizuri. Yetu yangekuwa manne tu: nyanya ngapi, mafuta ya kupikia lita ngapi, maziwa 2 ni ya kipimo gani, na ule mstari uliokatwa chini unasemaje? Tazama pia saa iliyo juu ya picha. Orodha iliyo ndani ya programu huendelea kubadilika, lakini picha imeganda. Ikiwa ilipigwa asubuhi nawe unakwenda jioni, uliza kama kuna lililoongezwa.

Sasa kupanga kwa sehemu za duka. Hapa nasikia wengine wakisema kwamba programu yenyewe hupanga. Yetu hujaribu, lakini haijui dania wala sukuma wiki ni nini, huvitupa vyote katika fungu la "mengineyo" pamoja na rangi ya viatu. Isitoshe, picha haipangiki kwa kidole. Basi tunapanga kwa mkono, na tunapanga kwa kufuata miguu, si kwa kufuata alfabeti.

Duka ninalokwenda, ukiingia unakutana na mboga na matunda mlangoni. Mimi huzipita. Ukianza na nyanya, zitakaa chini ya unga na mchele, nawe utafika nyumbani na mchuzi mbichi. Naanza na vyakula vikavu vilivyo vizito, ambavyo huwa msingi wa toroli. Kisha mafuta na mikebe. Kisha sabuni na vitu vya mwili, ambavyo naviweka upande wao, kwa sababu unga hunusa upesi harufu ya sabuni. Hapo narudi kwenye mboga, ambako kuna mizani. Usisahau kupima na kubandikiwa stika ya bei; ukifika kwa keshia na nyanya zisizopimwa utarudishwa kutoka mwisho wa foleni. Mayai yanakuja karibu na mwisho, yakae juu ya kila kitu. Maziwa ya friji ni ya mwisho kabisa, maana huanza kupata joto mara tu yatokapo, na safari ya jioni mjini unaijua. Yasikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Maziwa yale yanayodumu muda mrefu hayamo kwenye friji bali kwenye rafu ya kawaida. Ikiwa ndiyo mnayotumia, yapandishe kwenye fungu la kwanza.

Hii hapa orodha kama tulivyoinakili usiku ule nyuma ya risiti ya mchana:

Vikavu: unga wa mahindi paketi 2, unga wa ngano kilo 2, mchele kilo 5, sukari kilo 2.
Mafuta na mikebe: mafuta ya kupikia lita 2, nyanya ya kopo 1.
Sabuni na usafi: sabuni ya kipande 3 (1 nyumba, 2 shule), tishu 14 (10 nyumba, 4 shule), rangi ya viatu 1 (shule).
Mwili: pedi paketi 2 (shule), mafuta ya kujipaka 1.
Mboga, pima: nyanya kilo 1, vitunguu kilo 1, dania fungu 1.
Mwisho: mayai trei 1, maziwa ya nusu lita 10.

Utaona neno "shule" limejitokeza mara nne. Binti yangu akachukua kalamu akayazungushia duara. "Baba," akasema, "pesa zikipungua tena kwa keshia, usiguse vyenye duara. Rudisha mayai."

Jumapili asubuhi nilirudi dukani na risiti. Mchele uliozidi, mfuko ukiwa haujafunguliwa, ulikubaliwa nikabadilishiwa kwa pedi, tishu 4 na rangi ya viatu, na chenji kidogo ikabaki ya nauli. Trei ya pili ya mayai haikukubaliwa, na sikulaumu, kwani nani ajuaye yalikopita? Tulikula mayai wiki nzima. Hata shangazi wa watoto, mtu mpole asiyenung'unikia chakula cha watu, siku ya tano alisukuma sahani kando akauliza kama orodha ya Jumamosi ijayo imekwisha kupigwa picha.